Acheni Kutudanganya na 300 DPI: Leteni Rula

Wasee, leo nitakosana na watu na sijali. 300 DPI siyo ubora wa picha. Haijawahi kuwa. Ukiona dizaina ameandika kwa bango la saiba yake "tuma picha za 300 DPI tu," ujue kuna uwezekano mkubwa hajui anachoomba, na wewe ndiye utalipia hicho asichokijua.

Na kabla mbogi ya upande ule mwingine ishangilie, ile inayosema "DPI ni upuzi, puuza kabisa," nanyi ngojeni hapo. Zamu yenu inakuja.

Nimeandika hii kwa sababu mama mmoja mzee, umri wa kogo wangu, alikosa siku nzima ya kuchuma chai kwa ajili ya namba iliyoandikwa ndani ya faili. Namba ambayo ningeibadilisha kwa sekunde mbili nikiwa nimekaa.

Hadithi ni hii. Kuna chama cha akina mama wakulima wa chai huku kwetu, kati ya Litein na Sotik. Wanaweka akiba pamoja, wanakopeshana, na mwaka huu waliamua kila mwanachama awe na kadi yake yenye picha, jina na namba. Kadi ni saizi ile ile ya kitambulisho au kadi ya benki, yaani milimita 85.6 kwa 54. Mahali pa picha ni milimita 25 upana na 30 urefu. Wanachama ni 84. Mwenyekiti akanipigia: "Kijana yangu, wewe si hupiga picha? Njoo utusaidie."

Nikaenda. Picha nyingi nilipiga kwa simu yangu. Zingine nikapiga kwa kamera ya kuazima, kwa sababu betri ya simu iliisha katikati. Na akina mama 11 hawakufika siku hiyo, kwa hivyo vijana wao waliwapiga nyumbani, wakiwa wamesimama mbele ya ukuta, wakanitumia kwa WhatsApp. Nikaweka zote kwa flashi na kuzipeleka saiba. Saiba yenyewe sitaitaja. Tatizo hili liko kila mahali, na siku ile mimi pia sikujua zaidi ya yule jamaa.

Jamaa akafungua faili, akabonyeza kuona sifa zake, akatikisa kichwa. "Hizi 11 ni 96 DPI. Siwezi kuprinti hizi. Zitatoka na ukungu. Wapigwe tena." Za simu zilikuwa zinasema 72, akanung'unika lakini akasema "atazipandisha." Za kamera zilisema 350, hizo akazisifu sana.

Kwa hivyo nikampigia mwenyekiti, na akina mama 11 wakaitwa tena. Kogo mmoja alitoka mbali kwa boda, mia moja kwenda na mia moja kurudi, siku ambayo chai yake ilikuwa imefika ya kuchumwa. Mwenye chai anajua maana yake. Jani likikomaa zaidi ya majani mawili na kichipukizi, halikusubiri. Alikaa kwa kiti, nikampiga, akauliza, "Ile ya kwanza ilikuwa na makosa gani?" Nikamwambia ubora ulikuwa chini. Nilimdanganya, ila sikujua kwamba nadanganya.

Sasa tufanye hesabu ambayo mimi na yule jamaa tulipaswa kufanya kabla ya kumsumbua mtu.

Picha ya kogo ya WhatsApp ilikuwa na pikseli 1200 upana na 1600 urefu. Mahali pa picha kwa kadi ni milimita 25. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hivyo hapo ni kama inchi moja tu. Hata tukisema tunataka pikseli 300 kwa kila inchi, tunahitaji hivi:

```
25 / 25.4 x 300 = 295
30 / 25.4 x 300 = 354
```

Pikseli 295 kwa 354. Basi. Kogo alikuwa na 1200 kwa upana, yaani mara nne ya zile zilizohitajika. Ile picha iliyoitwa mbovu ilikuwa na pikseli za kutosha na za kutupa. Tulikataa gunia lililojaa kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa nje.

Hiyo karatasi ndiyo DPI. Wacha niieleze kwa njia ambayo mtu wa Kericho au Bomet hawezi kusahau.

Una miche 100 ya chai. Ukiipanda kwa mstari mmoja, kila mche futi 4 kutoka kwa mwenzake, mstari utafika karibu futi 400. Ukiipanda kwa nafasi ya futi 2, utafika futi 200. Miche ni ile ile 100. Kilichobadilika ni nafasi, na kwa hivyo ukubwa wa shamba linalofunikwa. Pikseli ni miche. DPI ni nafasi ya kupanda. Saizi ya picha kwa karatasi ni shamba. Ukishajua mawili kati ya hayo matatu, la tatu linajipata lenyewe.

Sasa mtu akikwambia "nimepandisha picha yako kutoka 72 hadi 300," muulize: umeongeza miche, au umeisogeza karibu? Kama ameisogeza tu, picha haijawa bora hata kidogo. Imekuwa ndogo kwa karatasi, na hiyo ni sawa kabisa kama ndiyo saizi unayotaka. Lakini kama ameongeza miche, tuulize ameitoa wapi.

Hapo ndipo wizi wa kimyakimya uko. Kwenye Photoshop, ukifungua Image Size kuna kisanduku kinaitwa Resample. Ukikiacha kikiwa na alama halafu ubadilishe 72 iwe 300, programu inazidisha pikseli kila upande kwa 4.17. Picha ya 1200 kwa 1600 inakuwa 5000 kwa 6667. Kutoka pikseli milioni 1.9 hadi zaidi ya milioni 33. Na hizo zingine zote ni za kubuni. Programu imeangalia pikseli mbili jirani ikakisia ya katikati. Nywele haziongezeki, macho hayafunguki zaidi. Faili linakuwa zito, kompyuta inaanza kukohoa, na mteja anaambiwa "nimekuwekea ubora." Wewe ondoa alama kwa Resample, uandike 300, na uangalie: pikseli zitakaa pale pale, inchi ndizo zitapungua. Hiyo ndiyo DPI kwa ukweli wake wote.

Nikiwa hapo, jambo moja dogo. Kwa faili, neno sahihi ni pikseli kwa inchi. DPI halisi ni vitone vya wino ambavyo printa inatupa kwa karatasi. Ndiyo maana printa imeandikwa 1200 au 2400 na hiyo haimaanishi unahitaji picha ya 2400. Printa inatumia vitone vingi kutengeneza rangi ya pikseli moja. Lakini programu nyingi zimeandika DPI kwa vyote viwili, kwa hivyo nami naandika DPI. Sitapigana vita vyote kwa siku moja.

Haya, upande wa pili. Nyinyi mnaosema "DPI ni namba tu, puuza." Najua video mliyotazama. Iko sawa kwa nusu. Kwa skrini, kweli, DPI haifanyi chochote. Picha ya pikseli 1080 ni ya pikseli 1080 kwa Instagram hata ukiandika DPI ni 5. Lakini ukiingiza picha 84 ndani ya ukurasa wa kuprinti, programu inahitaji kujua kila moja iwe na ukubwa gani kwa karatasi, na kitu cha kwanza inachoangalia ni hiyo namba.

Angalia kilichotokea kwetu. Picha za simu yangu zilikuwa pikseli 3000 kwa 4000, na simu ilikuwa imeandika 72. Gawa 4000 kwa 72 upate inchi 55.6, yaani sentimita 141. Faili lilikuwa linadai kwamba picha ya uso wa mama ni ndefu kama mtoto wa darasa la tano. Za kamera zilikuwa 4000 kwa 6000 zikiwa na 350, kwa hivyo zilidai sentimita 43.5 urefu. Zile za WhatsApp hazikuwa na namba yoyote ndani, kwa sababu WhatsApp huondoa taarifa nyingi za faili inapobana picha. Windows ikiona hakuna kitu, inaonyesha 96. Hiyo 96 ambayo jamaa alikataa nayo haikuwa hata ndani ya faili. Ilikuwa makisio ya kompyuta yake.

Sasa akaziingiza kwa programu ya kupanga kadi. Moja ikaingia kubwa kama mlango, nyingine kubwa kama kalenda, nyingine katikati. Akaanza kuvuta kwa mkono, moja moja, mara 84. Na unajua mkono ukichoka unavutaje. Unashika katikati ya upande badala ya kona, na uso unatanuka. Kadi zilipotoka, akina mama kadhaa walikuwa na mashavu ambayo hawajawahi kuwa nayo, na mmoja alikuwa mwembamba kama fimbo. Mwenyekiti akaziangalia kwa muda mrefu, akasema tu, "Huyu ni nani?" Alikuwa ameshika kadi ya dada yake.

Kadi moja ilikuwa shilingi 100. Zote 84 ni 8,400. Pesa hiyo ilitoka kwa akiba yao, na akiba yao inatoka kwa jani.

Kwa hivyo, nyinyi wa "puuza DPI," hilo ndilo jibu langu. Picha moja unaweza kupuuza. Ukiwa na 84, namba hiyo ndiyo tofauti kati ya kazi ya dakika tano na kazi ya siku nzima yenye nyuso zilizotanuka.

Nilirudia kazi hiyo mwenyewe kwa gharama yangu. Nitaeleza nilivyofanya, ili mtu asiseme napiga kelele tu.

Nilianza na rula, si kompyuta. Nilipima dirisha la picha kwa kadi: milimita 25 kwa 30. Hapo hesabu ni ile tuliyofanya juu, 295 kwa 354 kwa 300 DPI. Usianze na DPI ukauliza picha itakuwa kubwa kiasi gani. Anza na karatasi, kisha urudi nyuma kwa pikseli.

Kisha nikaweka picha zote kwenye folda moja, kila moja ikiwa na jina la namba ya mwanachama, 001 hadi 084. Nakala ya asili nikaiweka pembeni, kwa folda nyingine kabisa. Halafu nikauliza kila faili lina nini. Programu niliyotumia ni ImageMagick, ni ya bure na inafanya kazi kwa Windows, Mac na Linux. Amri ni hii:

```
magick identify -format "%f %w x %h %x %U\n" *.jpg
```

Inakupa jina la faili, upana, urefu, DPI na kipimo chake. Soma orodha yote. Unatafuta jambo moja tu: kuna faili lenye upana chini ya 295 au urefu chini ya 354? Kama lipo, hilo ndilo la kupigwa tena, kwa sababu halina miche ya kutosha. Kati ya 84, langu lenye pikseli chache zaidi lilikuwa lile la 1200 kwa 1600. Hakuna hata mama mmoja aliyepaswa kuitwa tena. Hata mmoja. Nilikaa pale nikiangalia hiyo orodha na nikajisikia vibaya sana.

Kama kwenye orodha yako kuna PNG na unaona 118.11 badala ya 300, usishtuke. PNG huhifadhi namba hii kwa kipimo cha mita, na ImageMagick inakuonyesha kwa sentimita. Zidisha 118.11 kwa 2.54 utapata 300 yako.

Baada ya hapo, kazi yenyewe. Nilitengeneza folda inayoitwa tayari, kisha:

```
magick mogrify -path tayari -auto-orient -resize "295x354^" -gravity north -extent 295x354 -units PixelsPerInch -density 300 -quality 95 *.jpg
```

Inaonekana ndefu lakini kila kipande kina sababu. `-path tayari` inaweka matokeo kwa folda nyingine. Ukiisahau, mogrify inaandika juu ya faili zako za asili bila kuuliza, na hakuna kurudi. `-auto-orient` inasimamisha picha zilizopigwa simu ikiwa imelala, kwa sababu wakati mwingine picha iko kando na ni alama tu ndani ya faili inayosema "nigeuze." `-resize` yenye ile alama ya `^` inapunguza picha mpaka upande mmoja utoshe na mwingine uzidi kidogo, halafu `-extent` inakata kilichozidi. Hakuna kutanua. Uso unabaki uso. Na `-units` pamoja na `-density` ndizo zinaandika 300 kwa kila faili, ili zote ziseme kitu kimoja: mimi ni milimita 25 kwa 30.

Kwa nini `-gravity north`? Mara ya kwanza nilitumia `center`. Picha ya 3000 kwa 4000 ni ndefu kuliko dirisha la kadi, kwa hivyo inabidi ikatwe pikseli 400. Center inakata 200 juu na 200 chini. Akina mama wamefunga vitambaa kichwani, na vitambaa vya watatu vilikatwa. North inaacha juu ilivyo na inakata yote chini, kifuani, ambako hakuna mtu analalamika.

Lakini amri hii haijui uso uko wapi. Kama umempiga mmoja kwa karibu na mwingine kwa mbali, kadi moja itakuwa na kichwa kikubwa na nyingine kidogo. Dawa yake haiko kwa kompyuta. Chora alama chini kwa chaki, kila mtu asimame hapo, na wewe usitembee.

Kuna wakati hutaki kupunguza pikseli kabisa. Labda picha tayari zimekatwa vizuri na kilichobaki ni kubadilisha namba tu. Hapo usitumie mogrify, kwa sababu kila ikihifadhi JPEG inaibana upya na unapoteza kidogo. Tumia ExifTool:

```
exiftool -XResolution=300 -YResolution=300 -ResolutionUnit=inches *.jpg
```

Hii haigusi pikseli hata moja. Inabadilisha karatasi iliyobandikwa nje ya gunia na kuacha jani lilivyo. Pia inakuachia nakala za zamani zenye `_original` mwisho wa jina. Lakini elewa mpaka wake: kwa kesi yetu, kuandika 300 peke yake kusingetosha. Picha ya 3000 kwa 4000 ikiwa na 300 bado ni sentimita 25.4 kwa 33.9. Ni kubwa kuliko A4. Namba ilikuwa sahihi kwa mdomo wa dizaina na saizi ikawa makosa kwa karatasi. Hiyo ndiyo sababu "tuma 300 DPI" ni ombi lisilo na maana. 300 kwa saizi gani?

Ukimaliza, hesabu faili. 84 ndani, 84 nje. Mimi nilipata 61 mara ya kwanza. Laptopu yangu ni Linux, na Linux inaona `.jpg` na `.JPG` kuwa vitu viwili tofauti. Kamera ilikuwa imeandika kwa herufi kubwa, kwa hivyo picha zake zote 23 ziliachwa nje kimya kimya, bila onyo lolote.

Kisha kuna mtego wa mwisho, na huu umeua kazi nyingi zilizofanywa vizuri. Ukifungua dirisha la kuprinti, tafuta palipoandikwa Fit au Shrink, utoe, uweke Actual size au 100%. Fit inapuuza kila kitu ulichofanya na kubana ukurasa uingie ndani ya pambizo za printa. Na programu za kutazama picha, zile za kubonyeza mara mbili halafu Print, nyingi hujaza karatasi zinavyotaka bila kujali DPI yako. Kwa hivyo usiprinti kutoka huko.

Utajuaje? Weka mstari wa milimita 100 pembeni ya ukurasa, prinți karatasi moja ya kawaida, halafu upime kwa rula. Ukipata 100, endelea. Ukipata 97, kuna kitu kimebana ukurasa, na kadi yako ya 85.6 itatoka 83 na haitajaza mfuko wake wa plastiki. Karatasi moja ya majaribio. Kadi kumi zinatosha kwa A4 moja, kwa hivyo kazi yote ni karatasi tisa. Afadhali upoteze moja kuliko tisa.

Najua kuna dizaina ameshaanza kuandika kwa komenti: "Lakini 300 ni kiwango!" Ni kiwango cha kitu unachoshika mkononi na kuangalia kwa karibu, kama kadi, kijitabu cha mazishi au picha ya albamu. Bango la upana wa mita 3 kando ya barabara ya kwenda Bomet, ambalo mtu analiona akiwa kwa matatu, halihitaji 300. Ukiwa na pikseli 6000 kwa mita hizo 3 unapata kama 51 kwa inchi, na kwa mbali hivyo litasomeka vizuri. Ukilazimisha 300 kwa bango hilo, utahitaji zaidi ya pikseli 35,000 kwa upana, na utapata tu faili ambalo kompyuta ya saiba itakataa kufungua.

Ombi langu kwa wenye saiba na madizaina, bila matusi. Toeni hilo bango la "300 DPI tu." Andikeni hivi: "Picha ya kadi, angalau pikseli 295 kwa 354. Picha ya A4, angalau 1600 kwa urefu, ikiwa 3500 ni vizuri zaidi." Mteja anaweza kuona pikseli kwa simu yake mwenyewe. DPI hawezi, na hata akiweza haimwambii kitu. Na kama ni WhatsApp, mwambieni atume kama Document, si kama picha, ili faili lifike jinsi lilivyo.

Na kwenu mnaopiga picha kama mimi: msipeleke flashi yenye faili za kila aina halafu mlaumu wa saiba. Mashavu ya wale akina mama ni makosa yangu pia. Nilipeleka faili zinazodai sentimita 141, sentimita 43 na "sijui," nikatarajia mtu aliyechoka azilinganishe kwa macho. Kazi ya kupeleka faili zinazosema ukweli kuhusu saizi yake ni ya aliyezipiga.

Kadi za pili ziko kwa akina mama sasa. Kwa ile ya kogo sikutumia picha ya pili, ile aliyokuja kupigwa. Nilitumia ya kwanza, ya mbele ya ukuta wa nyumba yake, iliyotumwa na mjukuu wake kwa WhatsApp. Ndiyo aliyocheka ndani yake. Nilipompa, nilimwambia ukweli kwamba hakukuwa na makosa yoyote kwa ile ya kwanza. Akaitazama, akaniuliza, "Kwa hivyo nilikuja bure?"

Ndiyo, kogo. Ulikuja bure. Nimekurudishia mia mbili ya boda, lakini jani la siku ile siwezi kulirudisha.

Ukitaka kubishana, karibu kwa komenti. Lakini uje na rula.